Paa Lenye Meno

Bango lilikuwa na upana wa mita 3. Lilitundikwa kando ya steji ya matatu, pale watu husimama wakingojea gari ijae, na kwa hivyo walikuwa na muda wote wa kuliangalia. Fundi aliyeniagiza alinipigia simu saa moja asubuhi. Hakusema hata habari.

"Kijana, mbona paa langu lina meno?"

Nilijua anachosema kabla sijatoka kitandani. Nilikuwa nimeyaona hayo meno kwenye laptopu yangu wiki moja kabla, nikajiambia yakichapishwa hayataonekana. Yalionekana. Ukingo wa paa, badala ya kuwa mstari mmoja ulionyooka, ulipanda kama ngazi ya gorofa: unaenda, unaruka, unaenda, unaruka. Na huyu mzee ni fundi wa mabati. Kazi yake yote ni kunyoosha paa. Mimi nimempaka matope mbele ya steji nzima kwa picha inayosema hajui kunyoosha paa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Stori ya karo ni ndefu na mnaijua, wengi wenu iko kwenu pia. Mamangu nilimwambia laptopu itanilisha. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kubwa kunilipa na hela za mkononi, shilingi 3,000, na bango jipya lingenigharimu karibu hizo hizo. Kwa hivyo hii post si ya kuwafurahisha. Ni vile nilijifunza, kwa doh yangu mwenyewe, kutoa meno kwenye picha ya kompyuta.

Kwanza tuelewe meno yanatoka wapi, maana mimi nilianza kutibu kabla sijajua ugonjwa. Picha ya nyumba niliichora kwa programu ya bure, ya zamani, ambayo laptopu yangu ya ramu ya giga 4 inaweza kubeba. Ikimaliza kuchora, mimi nilikuwa napiga tu skrinshoti na kukata pembeni. Picha ikabaki pikseli 1280 kwa 720. Sasa, programu kama hiyo ikichora paa, inafika kwa kila pikseli na kuuliza swali moja tu, katikati ya hiyo pikseli: hapa ni paa au ni anga? Jibu ni moja. Kama ni paa, pikseli nzima inapakwa rangi ya paa. Kama ni anga, nzima inakuwa anga. Hakuna "hapa paa limeingia nusu." Lakini mstari ulioinama kidogo hupita katikati ya pikseli nyingi sana, na kila moja inalazimishwa kuchagua upande, kama kura.

Ukingo wa paa langu ulikuwa unapanda pikseli 1 kwa kila pikseli 20 za kwenda kulia. Kwa hivyo kompyuta ilichora pikseli 20 zilizolala sawa, ikaruka moja juu, ikachora 20 nyingine. Hiyo ndiyo ngazi, na kila kipande chake tukiite kidato. (Siyo kile cha shule.) Kwenye bango la mita 3, pikseli moja ilikuwa zaidi ya milimita 2, na kidato kimoja karibu sentimita 5. Mtu anayengojea matatu anaweza kuvihesabu. Na cha ajabu ni kwamba mistari iliyoinama kidogo ndiyo huumiza macho zaidi kuliko ile iliyoinama sana. Mstari wa nyuzi 45 huruka kila pikseli, jino moja moja dogo, jicho linazoea. Huu wangu uliruka mara chache, na kila mruko ulionekana peke yake.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kile kila msee hufanya: nilifungua picha na kuitia ukungu. Ile `Gaussian Blur`. Nikaweka kidogo, kama pikseli 2. Picha nzima ikawa kama unaiangalia ukiwa umelia, na meno yakabaki palepale. Nikaongeza. Madirisha yakapotea kabla meno hayajapotea. Sikuelewa kwa nini hadi nilipochukua karatasi na kalamu.

Sikia. Kidato kina urefu wa pikseli 20. Ukungu wa pikseli 2 unachanganya kila pikseli na majirani wake wa karibu tu. Katikati ya kidato, pale mbali na mruko, majirani wote wa kushoto na kulia wanafanana na yeye, kwa hivyo ukungu haujui kabisa kwamba kuna mruko pikseli 10 mbele. Unalainisha kona ya kidato na basi. Unabaki na ngazi ileile, ila sasa imevaa sweta. Kuondoa ngazi yenye vidato vya 20 kwa ukungu, ungehitaji ukungu mpana kama kidato chenyewe, na hapo huna picha tena, una uji.

Tatizo ni kwamba habari ya paa lilipita wapi haikuwa ndani ya picha. Ilitupwa siku ya kuchora, wakati kila pikseli iliulizwa swali moja. Dawa ya kweli ni kurudi nyuma na kuuliza maswali mengi.

Hii si siri mpya. Mwaka wa 1977 Franklin Crow aliandika kuhusu tatizo hili hili kwenye picha za kompyuta, na akasema dawa ni kulainisha kabla ya kuchukua sampuli, siyo baada. Kwenye mipangilio ya gemu utaiona imeandikwa `Anti-aliasing`. Hiyo `alias` ni ileile ya polisi wakisoma majina ya mshukiwa: fulani, anayejulikana pia kama fulani. Kitu kimekuja na jina la mwingine. Weka hilo neno mfukoni, tutalihitaji tukifika kwa mabati yenyewe.

Programu yangu haikuwa na hicho kitufe. Lakini ilikuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekipuuza miezi yote nikipiga skrinshoti kama mjinga: sehemu ya kuhifadhi picha ambapo unaandika upana na urefu unaotaka. Skrinshoti haiwezi kuzidi kioo chako. Programu inaweza. Kwa hivyo niliandika 5120 kwa 2880, yaani mara 4 kila upande. Hiyo ni picha yenye pikseli 16 mahali palipokuwa na 1. Laptopu ilipiga kelele kama jiko la presha, na kilichokuwa kinachukua dakika 3 kikachukua karibu lisaa lizima, ambayo ni hesabu ya kawaida: pikseli mara 16, subira mara 16. Niliacha ikichora nikaenda kuchota maji.

Halafu unaipunguza irudi 1280. Na hapa ndipo uchawi ulipo, kama unataka kuuita uchawi. Kwenye picha kubwa meno bado yapo. Vidato ni vilevile, pikseli 20 kwa mruko wa 1. Lakini pikseli 20 za picha kubwa ni pikseli 5 za picha ndogo, na mruko wa pikseli 1 sasa ni robo ya pikseli. Robo ya pikseli haiwezi kuchorwa kama umbo, kwa hivyo inageuka rangi: pikseli moja ya mwisho ni wastani wa zile 16, na kama 4 kati yake ni paa, inapata robo ya rangi ya paa. Mahali palipokuwa na kidato kimoja cha 20 na mruko mkubwa, sasa kuna vinne vya 5, kila kimoja kikitofautiana na mwenzake kwa kivuli tu. Jicho linaunganisha hivyo vivuli na kuona mstari. Hakuna kitu kilichotiwa ukungu. Madirisha yalibaki makali.

Nilifurahi, nikamtumia fundi. Halafu nikaangalia tena nikaona kitu kimeniudhi. Ukingo wa paa ulikuwa laini lakini mnene, kama umechorwa na makapeni, na kwa mbali ulikuwa bado na mafundofundo kama kamba. Vivuli vilikuwepo ila vilikuwa vyeusi kupita kiasi.

Hili lilinichukua siku mbili, na wengi wanaofundisha mambo haya kwa video hulipita haraka. Namba za rangi kwenye faili, zile za 0 hadi 255, hazipimi mwanga moja kwa moja. Zimepindwa ili zifanane na vile macho yetu yanavyoona giza. Pikseli ya 128 ungedhani inatoa nusu ya mwanga wa pikseli ya 255. Haitoi nusu. Inatoa karibu asilimia 22. Sasa chukua pikseli iliyo nusu paa jeusi na nusu anga jeupe. Ukijumlisha 0 na 255 na kugawa kwa 2, unapata 128, na kioo chako kinatoa mwanga wa asilimia 22 mahali palipostahili 50. Namba sahihi ni 188. Programu nyingi za kuhariri picha hufanya ile hesabu ya kwanza, ya kizembe, na ndiyo maana paa jeusi mbele ya anga jeupe hunenepa. Kinyume chake pia ni kweli: waya mweupe mbele ya ukuta mweusi utakonda hadi ukatike.

Dawa ni kunyoosha namba kwanza ziwe mwanga halisi, kupunguza picha, halafu kuzipinda tena. Nilitumia ImageMagick, ambayo ni ya bure na haina madirisha ya kubofya, unaandika tu:

```
magick kubwa.png -colorspace RGB -filter Box -resize 25% -colorspace sRGB ndogo.png
```

Hiyo `RGB` ya kwanza ndiyo mwanga ulionyooshwa, na `sRGB` ya mwisho ndiyo namba zilizopindwa ambazo kioo kinategemea. `Box` maana yake ni wastani mtupu wa zile pikseli 16, bila madoido. Ukitaka kujua kama programu yako inafanya hesabu nzuri, tengeneza picha ya mistari myembamba, mweusi mmoja, mweupe mmoja, ipunguze nusu, halafu uchukue kile kipima rangi uguse pale katikati. Ukikuta 188 au karibu, uko sawa. Ukikuta 128, unadanganywa.

Kwa bango sikurudi 1280. Hapo kuna kuchagua: kadiri unavyopunguza zaidi, ukingo unalainika zaidi, lakini picha inabaki ndogo na kila pikseli inakuwa kubwa kwenye turubai. Laptopu yangu ilikataa kabisa kupita 5120, kwa hivyo nilipunguza nusu tu, hadi 2560. Vidato vikawa vya pikseli 10, mruko nusu pikseli, na pikseli yenyewe ikawa milimita 1 na kitu. Ile ya 1280 niliiacha ya kutuma kwa simu. Na mkituma kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, siyo kama picha. Ikibanwa njiani, ukingo unapata vumbi la rangi pembeni na kazi yako yote ya vivuli inaliwa.

Sasa turudi kwa jina la bandia. Paa la mabati lina mikunjo. Karibu na kamera mikunjo inaonekana moja moja. Lakini upande wa mbali wa paa, kwenye picha yangu ya kwanza, kulikuwa na mawimbi mapana ambayo hayako kwenye mabati yoyote duniani. Fundi aliyaona kabla ya meno, akadhani nimechora paa limebonyea. Hesabu ni hii: pale mbali, mkunjo mmoja ulikuwa na upana wa pikseli 1.1 hivi. Kompyuta inauliza swali moja kwa kila pikseli 1. Pikseli ya kwanza inagusa kilele cha mkunjo, ya pili inagusa kidogo nyuma ya kilele, ya tatu nyuma zaidi, na baada ya pikseli 11 inarudi kileleni. Kwa hivyo mikunjo 10 myembamba inaonekana kama wimbi moja la pikseli 11. Mikunjo imekuja na jina la mwingine. Ndiyo `alias` yenyewe.

Na hili, wasee, hakuna dawa ya baadaye. Hakuna brashi wala ukungu utakaotoa wimbi la pikseli 11 bila kutoa kila kitu kingine cha ukubwa huo, kwa sababu kwenye faili wimbi ni wimbi, haliwezi kukwambia kwamba zamani lilikuwa mikunjo. Lazima uchore upya. Kwenye picha ya mara 4, mkunjo uleule ulikuwa na pikseli 4.4, kompyuta ikauona vizuri, na nilipopunguza ukawa karibu kijivu kimoja. Nasema karibu, kwa sababu wastani mtupu hauui wimbi lote. Ukikaza macho bado kuna kivuli chake, kama sehemu ya kumi ya nguvu ya kwanza. Niliamua steji itanisamehe hiyo.

Fundi aliporidhika akaniletea shida nyingine. Alikuwa na picha ya nyumba aliyochorewa zamani na kijana mwingine, faili lilishapotea, kimebaki skrinshoti moja tu yenye meno. Huwezi kuchora upya kitu usicho nacho. Hapa kuna njia, ila ni ya kukisia.

Kwanza vuta karibu hadi uone pikseli moja moja, asilimia 800 hivi, na uangalie mruko una kimo gani. Kama kila mruko ni pikseli 1, sawa. Kama ni 2 au 3, basi mtu aliipanua picha kizembe baada ya kuchorwa, na inabidi uirudishe kwanza ukubwa wake wa asili. Hii yake ilikuwa ya 1.

Wazo lenyewe lilitoka kwa Alexander Reshetov wa Intel, mwaka wa 2009, na magemu mengi yakachukua jamaa zake. Linasema hivi: ngazi yenyewe inakwambia mstari ulipita wapi. Kama kidato kina pikseli 20 na miruko miwili, mmoja kila mwisho, basi mstari wa kweli ulipita karibu na katikati ya kila mruko. Unganisha hizo sehemu mbili na una mstari. Kwa paa linalopanda kuelekea kulia, anza kwenye mruko wa kulia: pikseli ya anga iliyo juu ya kidato, inayogusa mruko, ipe karibu nusu ya rangi ya paa, asilimia 48 hivi. Inayofuata kwenda kushoto 43, halafu 38, ukishuka tano tano hadi ufike katikati ya kidato ambapo hakubaki kitu. Nusu ya kushoto unafanya kinyume: pikseli ya juu kabisa ya paa inapewa rangi ya anga, kidogo katikati, na karibu nusu ukifika mruko wa kushoto. Nilifanya kwa mkono, kidato kwa kidato, jioni mbili nzima. Mgongo haujanisamehe.

Paa lilinyooka. Lakini waya wa umeme uliopita nyuma ya nyumba ulikuwa umekatikakatika, vipande vitatu vimeelea hewani, na hapo hakukuwa na ngazi ya kusoma. Waya ulikuwa mwembamba kuliko pikseli, kwa hivyo mara swali liliugusa, mara likaukosa. Niliufuta nikachora mwingine. Huo si ulainishaji tena, ni uongo, na nilimwambia hivyo. Akasema stima hata haikuwa imefika hiyo nyumba.

Bango la pili lilitundikwa Jumamosi. Nilipanda matatu makusudi kutoka steji hiyo, nikasimama pale kama abiria wa kawaida, nikalitazama hadi makanga akaniuliza kama naenda au siendi. Kando yangu mama mmoja alikuwa analitazama pia. Akasema rangi ya mlango ni mbaya.

Lile la kwanza nilipeleka nyumbani. Mamangu amefunikia kuni nalo, upande wa picha juu. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye paa lenye meno, na ameniuliza mara mbili kama nina lingine la kufunikia kuku.